Nyuzi 150, 175 na 200: biskuti zile zile, moto tofauti

Mapishi mengi ya biskuti za vipande vya chokoleti tunayoyafuata Mombasa yaliandikwa na watu ambao jikoni kwao ni nyuzi 20. Wakisema "toa siagi ilainike", wana maana ya siagi inayobonyea kwa kidole lakini bado imeshika umbo lake. Hapa kwetu mwezi wa Februari, msimu wa kaskazi, dirisha likiwa halileti hata upepo, siagi ikiachwa mezani muda mfupi tu inaanza kuvuja mafuta pembeni. Siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35, na jiko dogo la Majengo au Kisauni ambalo oveni imeshawashwa halina safari ndefu kufika hapo.

Matokeo yake kila mwokaji anayajua: umepanga madonge kumi na mawili kwenye trei, umetoa biskuti moja kubwa iliyoshikana. Wa kwanza kulaumiwa huwa unga, wa pili huwa yai. Kisha mtu anapunguza moto, akiamini kwamba moto mkali ndio uliozitandaza, na zinazofuata zinatandaa zaidi.

Mwongozo huu ni wa kuliona jambo hilo kwa macho yako. Utachanganya unga mara moja, utagawanya madonge 15, na utayaoka matano matano kwa viwango vitatu vya moto. Ni kazi ya asubuhi moja, na biskuti zote zinaliwa.

Kinachotokea mle ndani

Donge likiingia ovenini, mambo mawili hutokea, na umbo la biskuti hutegemea lipi limetangulia. La kwanza ni kuyeyuka. Siagi inalegea, sukari inayeyukia katika maji ya yai na ya siagi, na donge linaanza kutiririka kwenda nje. La pili ni kushika: yai linaganda, maji ya ukingoni yanakauka, na ule ukingo mgumu unazuia kilicho ndani kisiendelee kusambaa.

Kuyeyuka hakuhitaji moto mkubwa, kunaanza karibu mara tu trei inapoingia. Kushika ndiko kunakosubiri, kwa sababu ni lazima donge lenyewe lifike kwenye nyuzi sabini na kitu au themanini. Moto wa 150 unalipeleka huko polepole, kwa hiyo donge linapata dakika nyingi za kutiririka. Moto wa 200 unaugandisha ukingo mapema, donge likiwa bado limeinuka katikati. Kwa hiyo moto mdogo hutandaza, na moto mkali hushikilia.

Hatua ya 1: Hakikisha oveni inasema kweli

Usianze kabla ya hapa. Oveni nyingi za mezani za umeme, na zile za chini ya jiko la gesi, zinaonyesha namba moja na kutoa joto jingine. Tofauti ya nyuzi 20 ni jambo la kawaida, na nyuzi 20 zinatosha kukupa biskuti nyingine kabisa.

Kipimajoto kidogo cha kutundika kwenye waya wa ndani ndicho bora, na maduka ya vifaa vya keki huwa nacho. Usikisome mara moja tu. Oveni hujizima na kujiwasha yenyewe, na joto hupanda na kushuka, kwa hiyo kitazame mara tatu au nne ndani ya nusu saa uone linazunguka wapi.

Ukikikosa, tumia sukari. Sukari nyeupe ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kimoja cha sukari kwenye kipande cha foili, kitie katikati ya oveni iliyokwisha kupata moto kwa dakika 20, ukiwa umeiweka kwenye 175. Subiri dakika 15. Sukari ikibaki kavu, vizuri. Sasa panda hadi 190, acha oveni itulie, tia sukari mpya, na ungoje dakika 15 tena. Hapo inatakiwa iwe imeyeyuka, angalau pembeni. Ikiwa iliyeyuka tangu 175, oveni yako inazidisha; shuka nyuzi kumi kumi mpaka upate mahali isipoyeyuka. Ikiwa 190 haikuiyeyusha, inapunguza. Panda vivyo hivyo. Ile namba ya kwanza inayoyeyusha sukari ndiyo 185 au 190 yako ya kweli, hata kama swichi imeandikwa 210. Itie alama kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kwa jiko la gesi lenye namba za 1 hadi 8, au lililoandikwa tu kidogo na kubwa, kipimo hiki ndicho mwokozi. Usizidishe dakika 15, kwa sababu sukari ikikaa muda mrefu kwenye moto mdogo huanza kuharibika na kugeuka rangi bila kufika kwenye joto lake, nawe utadanganyika.

Na taa ya oveni ikizimika, usikimbilie kutia trei. Taa inakuambia hewa imepata moto. Kuta na waya bado, na ukifungua mlango hewa ile moto inatoka yote. Ipe dakika 20 kamili, hata kama ni ya mezani.

Hatua ya 2: Mchanganyiko mmoja

Pima kwa mizani, maana hapa tunataka kitu kimoja tu kibadilike, nacho ni moto:

- siagi gramu 115
- sukari ya kahawia gramu 100 na nyeupe gramu 50
- yai 1
- unga wa ngano wa kawaida gramu 160, usio na hamira wala cha kuumulia ndani yake
- magadi soda nusu kijiko cha chai
- chumvi robo kijiko cha chai
- vanila kijiko 1 cha chai
- chokoleti iliyokatwakatwa gramu 120

Siagi itoke friji dakika kumi tu kabla, ikatwe vipande. Ipige na sukari dakika mbili, mpaka iwe rangi moja; usiipige mpaka iwe nyeupe kama ya keki, kwa sababu msuguano wenyewe unaipasha. Tia yai na vanila, kisha unga, magadi na chumvi, ukoroge mpaka unga mkavu usionekane, na umalizie kwa chokoleti.

Sukari ya kahawia tunayouziwa dukani kwa kilo mara nyingi ni sukari ya kiwandani isiyosafishwa sana, kavu na yenye chembe kubwa. Ile laini, nyeusi kidogo, inayoshikana ukiifinya, ina shira ya miwa na hufanya biskuti itafunike zaidi. Yoyote inafaa kwa jaribio hili, mradi ni ile ile kwa trei zote tatu.

Gawanya madonge ya gramu 40. Yatakuwa 15, au 14 ikiwa mwenye kuchanganya alionja njiani. Yafunike na uyaweke friji saa mbili, au friza dakika 40. Hili si pambo. Donge linaloingia ovenini likiwa na nyuzi 30 siagi yake iko karibu kuwa mafuta, na limeanza kutandaa kabla moto haujalifikia. Likitoka friji kwenye nyuzi 5 au 6, moto unapata nafasi ya kuugandisha ukingo kabla ndani hapajalegea.

Hatua ya 3: Trei tatu

Anza na moto mdogo upande juu, kwa sababu oveni hupanda haraka kuliko inavyoshuka. Tandika karatasi ya kuokea, panga madonge matano, manne pembeni na moja katikati. Mengine yabaki friji mpaka zamu yao.

Ukiwa na trei moja tu, ipoze kati ya awamu: ipitishe chini ya mfereji na uikaushe. Donge baridi likiwekwa juu ya bati la moto linayeyuka chini kwanza, na hapo utaisingizia oveni kosa la trei.

Ya kwanza, nyuzi 150, dakika 18. Chungulia kwenye kioo bila kufungua. Dakika ya tano donge limelegea na kukaa. Dakika ya kumi limeshalala, lakini ukingo hauna rangi na uso wote unang'aa mafuta. Linaendelea kusogea polepole mpaka karibu dakika ya kumi na tatu. Ukitoa, tarajia biskuti yenye upana wa sentimita 10 hivi, nyembamba, iliyo sawa kutoka ukingo hadi katikati, rangi moja ya chai yenye maziwa mengi.

Ya pili, nyuzi 175, dakika 12. Upana ni kama sentimita 9. Ukingo ni wa dhahabu, katikati pamefifia kidogo, na juu pana mikunjo ya pale donge lilipofura kisha likashuka.

Ya tatu, nyuzi 200, dakika 9. Kaa karibu. Dakika ya nne ukingo umeshapoteza mng'ao, maana yake umekauka na umeshika, na katikati bado pamesimama. Dakika ya saba ukingo unaanza kuwa wa kahawia, na kutoka hapo rangi inakimbia. Itoke wakati katikati bado panaonekana pabichi. Upana ni sentimita 8 au chini yake kidogo, na unene ni karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Vipimo vyako vinaweza kutofautiana na hivi kwa sababu ya siagi yako na oveni yako. Mpangilio haubadiliki.

Kila trei ikitoka, ziache biskuti juu yake dakika tano kabla ya kuzihamisha. Kwa ile ya nyuzi 200 dakika hizo ni sehemu ya kuoka, kwa kuwa bati lina joto na katikati panaendelea kuiva. Ukizibandua mapema zitakatika mkononi.

Hatua ya 4: Zivunje

Subiri zipoe kabisa, kama nusu saa, maana biskuti zikiwa za moto zote ni laini na hutajua lolote. Kisha vunja moja moja kwa mikono.

Ya 150 inavunjika kwa mlio, na ndani ni kavu sawasawa. Dakika 18 za moto wa polepole zimeyatoa maji kila mahali. Hapo wengi hujaribu ujanja wa kuitoa mapema, dakika ya 14, ili ibaki laini. Inabaki laini kweli, lakini ni nyeupe na ladha yake ni ya sukari na unga, kwa sababu rangi na ladha hutoka mahali pamoja.

Rangi ya kahawia hutokea pale protini za yai na za unga zinapokutana na sukari kwenye joto la nyuzi 140 na kuendelea, na uso ukiwa na maji hauwezi kupita sana nyuzi 100. Kwa hiyo lazima ukauke kwanza. Katika oveni ya 150 uso unachukua muda mwingi kukauka, kisha unapanda kwa shida hadi 140, na kufikia hapo ndani napo pamekauka. Katika oveni ya 200 ukingo unakauka na kupata rangi ndani ya dakika chache, kabla joto halijazama katikati. Sukari yenyewe kugeuka karameli inahitaji zaidi, kama nyuzi 160 kwenda juu, na ndiyo ile ladha chungu kidogo ya ukingoni ambayo trei ya kwanza haina. Magadi soda nayo yanaisaidia rangi. Ukiweka beking pauda peke yake biskuti hutoka nyeupe zaidi kwa moto ule ule.

Ya 200 ukiivunja, ukingo unakatika kwa mlio mdogo, halafu inapinda, inavutika, inachanika. Huko ndiko kutafunika tunakokutaka. Katikati pamebaki na maji, na maji hayo yamefungwa na sukari kuwa shira nzito iliyoshikilia unga na yai. Ile ya 175 ina ukingo mpana zaidi wa kukatika na katikati padogo pa kutafuna.

Hatua ya 5: Chagua moto wako

Kwa Mombasa mimi huoka kwa nyuzi 190, dakika 10 au 11, madonge yakiwa baridi. Sababu ya kuipita 175 ya mapishi mengi ni ile niliyoitaja, joto la jikoni kwetu, na nyingine ni unyevu wa pwani. Biskuti kavu ya 150 ikiachwa kwenye sahani jioni, asubuhi imeshafyonza unyevu wa hewa. Haikatiki tena, na haijawa ya kutafuna, imekuwa imelegea tu. Ile nene yenye maji yake katikati haisumbuliwi sana na unyevu kwa siku ya kwanza na ya pili.

Na sababu ya kutofika 200 ni kwamba nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Dakika moja ndiyo tofauti ya nzuri na iliyoungua, na katika oveni ndogo ya mezani waya wa juu uko karibu na biskuti kiasi kwamba vipande vya chokoleti vilivyochomoza huungua kwanza. Kwa oveni yenye feni, shuka nyuzi 15 hadi 20 kutoka kila namba niliyotaja, kwa kuwa feni inaukausha uso haraka.

Usichukue hukumu hii ukaipeleka kwenye kila kitu. Nankhatai hazina yai, zina mafuta mengi na unga mwingi, hazitiririki kama hizi, na uzuri wake ni kubaki nyeupe na kumomonyoka mdomoni. Zioke kwa 160 au 165, na ukiona zimekuwa za kahawia juu umeshazikosa.

Zikikuharibikia

Zimetandaa na kushikana ingawa uliweka 190: gusa donge lililobaki. Likiacha mafuta kwenye kidole, lilikuwa na joto mno. Likiwa baridi na gumu, rudi kwenye kipimo cha sukari, kwa sababu huenda 190 yako ni 165.

Chini pameungua, juu ni nyeupe: ni oveni ya gesi yenye moto wa chini pekee. Pandisha waya ngazi moja na uweke trei mbili, moja ndani ya nyingine. Kupunguza moto hapa hakusaidii, kwani utaokoa chini na kurudi kwenye biskuti zilizotandaa.

Hazikutandaa kabisa, zimebaki mipira: unga umezidi, na hili humpata anayepima kwa kikombe na kuushindilia. Kama uliobaki una unga wa ziada tayari, bonyeza madonge kwa sehemu ya chini ya glasi kabla ya kuoka, au shuka hadi 170 yapate muda wa kulegea.

Upande mmoja wa trei ni mweusi kuliko mwingine: zungusha trei mara moja, baada ya theluthi mbili za muda, sio kabla. Ukifungua mlango mapema, joto linaanguka wakati ule ule ukingo ulipokuwa unataka kushika.

Jirani mmoja aliniuliza, "Na sisi wa makaa, dadangu?" Inawezekana, kwa sufuria pana nzito iliyowekwa mchanga chini na kifuniko bapa cha kubeba makaa. Makaa mengi yawe juu, machache chini, kama unavyofanya kwa mkate wa sinia, na sufuria ipate moto robo saa kabla. Nyunyiza unga kijiko kimoja kwenye sahani ya bati, uiweke ndani dakika tano. Ukiwa wa rangi ya dhahabu, tia biskuti tatu au nne. Ukibaki karibu mweupe, ongeza makaa juu. Ukiwa wa kahawia iliyokoza, pakua baadhi. Hutapata usahihi wa nyuzi kumi, lakini kwa kuwa juu pana moto mkali, ukingo hushika vizuri.

Ukiwa na oda za Idi, viringisha madonge wiki moja kabla na uyagandishe friza kwenye trei, kisha uyatie mfukoni. Yanaingia ovenini yakiwa barafu, bila kuyeyushwa. Hapo punguza hadi 180 na uongeze dakika mbili, kwa sababu kwa 190 ukingo utamaliza kuiva na katikati pangali baridi. Oka asubuhi ya siku ya kupeleka, ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga kopo, na karatasi ya kuokea ikae kati ya kila safu. Zikifungwa zikiwa na uvuguvugu, mvuke unaotoka utaurudia ukingo, na jioni hautakatika tena.